Insha ya Mapinduzi ya Kijani: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Punjab

Swali la mapinduzi ya kijani, yaani kuenea kwa mbegu mpya za nafaka pamoja na mbolea na umwagiliaji katikati ya karne ya ishirini, huja kwa sura moja karibu kila mara: jadili mafanikio yake na lawama zinazotolewa dhidi yake. Majibu nayo hufanana. Ukurasa wa kwanza unasifu mavuno, wa pili unalaumu sumu na matajiri, na mwishoni kuna sentensi inayosema kwamba kila jambo lina uzuri na ubaya wake. Insha ya namna hiyo huacha kiini cha habari. Vitu vilivyoongeza mavuno ndivyo vilevile vilivyoshusha maji ya visima na kuwainua wenye mali mbele ya wenzao, na mwanafunzi anayeweza kuonyesha njia iliyotoka jambo la kwanza hadi la pili anakuwa amejibu swali.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja, jimbo la Punjab nchini India, kuanzia mwaka 1965. Dai ambalo ningelitetea ni hili: mbegu mpya ziliokoa chakula cha India kweli, lakini sehemu kubwa ya madhara ya baadaye ilitokana na sera za bei na umeme zilizoendelea kuwalipa watu walime mpunga katika eneo lisilo na mvua ya kutosha hata baada ya uhaba kwisha. Unaweza kulikubali au kulipinga. Hatua zenyewe zitakufaa vyovyote vile.

Hatua ya 1: Funga mahali na miaka

Usiandike juu ya "nchi zinazoendelea" kwa jumla. Mexico ya miaka ya 1940, Ufilipino ya 1966 na Punjab ya 1968 zina historia tofauti, na ukizichanganya utajikuta unatoa sababu za mahali pamoja kueleza matokeo ya mahali pengine.

Punjab inafaa kwa sababu mambo yote yalitokea pale kwa ukali zaidi. Anza na hali ilivyokuwa. Mwaka 1965 na 1966 mvua za India zilikosekana misimu miwili mfululizo, na mwaka 1966 nchi ikaagiza takriban tani milioni 10 za nafaka, nyingi zikiwa ngano ya msaada kutoka Marekani. Waziri wa kilimo C. Subramaniam, akishirikiana na wanasayansi kama M. S. Swaminathan, aliamua kuagiza mbegu ya ngano kutoka Mexico, ambako Norman Borlaug na wenzake walikuwa wameizalisha. Mwaka 1966 zikafika tani 18,000 za mbegu.

Kwa nini ziliota vizuri zaidi Punjab kuliko Bihar, jimbo la mashariki mwa India? Hapa ndipo msomaji makini atakapokupima. Punjab ilikuwa tayari na mifereji ya umwagiliaji tangu enzi za Waingereza, na bwawa la Bhakra lilikamilika mwaka 1963. Vipande vya mashamba vilivyotawanyika vilikuwa vimeunganishwa baada ya uhuru, hivyo mkulima aliweza kuchimba kisima kimoja kikahudumia shamba lake lote. Mjini Ludhiana kulikuwa na chuo kikuu cha kilimo kilichoanzishwa 1962. Mbegu ilikuta mahali palipoandaliwa. Andika jambo hili mapema, kwa maana utalihitaji tena utakapofika kwenye usawa.

Tahadhari ndogo ya takwimu: Punjab iko India na iko Pakistan, na Punjab ya India iligawanywa mwaka 1966, sehemu yake ikawa Haryana. Ukiona jedwali linaloanza 1960, hakikisha kwanza linazungumzia mipaka ipi.

Hatua ya 2: Eleza mbegu ilifanya nini

Wanafunzi wengi huandika "mbegu bora" wakaishia hapo. Eleza utaratibu wenyewe, kwa aya moja tu.

Ngano ya zamani ilikuwa ndefu. Ukiipa mbolea nyingi ya naitrojeni, suke linakuwa zito, bua linashindwa, na shamba zima linalala chini kabla ya kuvunwa. Kwa hiyo mbolea ilikuwa na kikomo: ukiizidisha unapoteza. Ngano mpya ilikuwa fupi, na ufupi huo ulitoka kwenye aina ya Kijapani iitwayo Norin 10. Bua fupi na gumu lilibeba suke zito bila kulala, na sehemu kubwa zaidi ya chakula cha mmea ikaenda kwenye punje badala ya majani. Mpunga wa IR8, uliotolewa Ufilipino mwaka 1966, ulifuata njia hiyohiyo.

Ukishalieleza hilo, jambo moja linajitokeza lenyewe. Mbegu hii ilipata nguvu yake pale ilipopewa mbolea nyingi, na mbolea nyingi haifanyi kazi bila maji ya uhakika. Tena hakuna mkulima atakayenunua mbolea kwa mkopo bila kujua atauza kwa bei gani. Serikali iliweka uhakika huo wa bei mwaka 1965, ilipoanzisha Shirika la Chakula la India la kununua na kuhifadhi nafaka, pamoja na tume ya kupendekeza kiwango cha chini cha bei ambacho serikali ingekidhamini. Kifurushi kilikuwa na vitu vinne: mbegu, mbolea, maji na bei. Insha yako yote isimame juu ya hivyo vinne.

Hatua ya 3: Pima mavuno kwa hesabu yako mwenyewe

Hapa ndipo alama nyingi hupotea, na hesabu yenyewe ni nyepesi.

Mwaka 1964-65 India nzima ilivuna ngano tani milioni 12.3 katika hekta milioni 13.4. Mwaka 1970-71 ilivuna tani milioni 23.8 katika hekta milioni 18.2. Vitabu husema uzalishaji ulikaribia kuongezeka maradufu, na ni kweli. Lakini gawanya tani kwa hekta. Mwanzoni ni takriban tani 0.91 kwa hekta, mwishoni tani 1.31. Mavuno ya kila hekta yalipanda kwa asilimia 43 hivi, na eneo lililolimwa ngano nalo likapanda kwa asilimia 36. Zidisha 1.43 kwa 1.36 utapata 1.94, ambayo ndiyo karibu maradufu yako.

Maana yake ni kwamba kwa miaka hiyo ya mwanzo karibu nusu ya ongezeko ilitokana na kulima ngano mahali palipokuwa na mazao mengine, au mahali ambapo palilimwa msimu mmoja na sasa panalimwa miwili. Anayeandika kwamba mbegu pekee iliongeza ngano maradufu amekosea, na wewe umeshapata mlango wa kuuliza: mazao yaliyoondolewa ni yapi?

Angalia pia mwaka wa kuanzia. Mwaka wa ukame wa 1965-66 mavuno yalikuwa tani milioni 10.4 tu. Ukianzia hapo, ongezeko hadi 1970-71 linakuwa zaidi ya mara mbili na robo, na sehemu ya ongezeko hilo ni mvua iliyorudi. Mtu anayetaka kusifu huanzia mwaka wa ukame. Wewe anzia mwaka wa kawaida, useme kwamba umefanya hivyo na kwa nini.

Kisha toka kwenye taifa uingie jimboni. Punjab ilikuwa inavuna takriban tani 1.2 za ngano kwa hekta mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikafika tani 2.2 hivi mwaka 1970-71, na kufikia 2000 ilikuwa imepita tani 4.5. Mafanikio hayo ni makubwa mno, na usiyapunguze ili insha ionekane yenye ukosoaji. Ukifika kwenye mpunga, kumbuka kwamba India hutoa takwimu zake kwa uzito wa mchele uliokobolewa. Ukilinganisha na nchi inayohesabu mpunga wenye maganda, utaipunja India kwa takriban theluthi.

Hatua ya 4: Uliza ingekuwaje bila hizo mbegu

Hatua hii ni fupi lakini isiachwe. Wanauchumi Robert Evenson na Douglas Gollin walikadiria mwaka 2003 kwamba, bila mbegu bora zilizotolewa kwa nchi zinazoendelea tangu 1965, bei za mazao ya chakula duniani mwaka 2000 zingekuwa juu kwa asilimia 35 hadi 66, na watu wa nchi zinazoendelea wangepata kalori pungufu kwa asilimia 13 hadi 14. Taja kwamba ni makadirio ya modeli, na kwamba hayajahesabu hasara ya maji wala udongo.

Kuna dai jingine linalopendwa, kwamba mavuno makubwa yaliokoa mamilioni mengi ya hekta za misitu. Utafiti wa mwaka 2013 ulipata kiasi kidogo zaidi, hekta milioni 18 hadi 27 kwa dunia nzima. Sababu ni rahisi kuieleza: bila mavuno mazuri bei ingepanda, watu wangekula kidogo na kutumia ardhi kwa njia nyingine, kwa hiyo si kila tani iliyokosekana ingetafutiwa shamba jipya.

Hatua ya 5: Fuata maji

Lawama za mazingira ni nyingi. Zipo sumu za kuulia wadudu, udongo kuchoka, naitrojeni kuingia kwenye maji, aina za asili za mbegu kupotea. Ukizitaja zote utaandika orodha. Chagua moja uifuate hadi mwisho. Kwa Punjab, chagua maji.

Mwaka 1960-61 mpunga ulilimwa Punjab katika hekta zipatazo 227,000 tu. Watu wa huko ni walaji wa ngano, na msimu wa mvua mashamba yalikuwa na mahindi, pamba, uwele na mikunde. Kufikia 2000-01 mpunga ulikuwa umefika hekta milioni 2.6. Serikali kuu ilikuwa ikinunua mchele wa Punjab kwa bei ya uhakika, wakati mahindi na mikunde havikuwa na mnunuzi wa namna hiyo. Mwaka 1997 serikali ya jimbo ikafanya umeme wa pampu za wakulima kuwa bure. Mkulima aliyepiga hesabu yake vizuri alilima mpunga, na kila lita aliyoivuta kutoka ardhini haikumgharimu chochote cha ziada.

Mvua na mifereji havikutosha. Takwimu za serikali ya India za miaka ya karibuni zinaonyesha Punjab ikivuta zaidi ya mara moja na nusu ya maji ambayo ardhi inarudishiwa kila mwaka. Setilaiti za GRACE, zinazopima mabadiliko ya nguvu ya uvutano ya dunia, zilionyesha kwamba kati ya Agosti 2002 na Oktoba 2008 majimbo ya Rajasthan, Punjab na Haryana yalipoteza takriban kilomita za ujazo 109 za maji ya ardhini, na mvua ya kipindi hicho haikuwa mbaya.

Sasa onyesha kinachotokea kisimani. Pampu iliyowekwa juu ya ardhi hufyonza maji kutoka kina cha mita saba au nane hivi. Zaidi ya hapo shinikizo la hewa halitoshi kuyapandisha, hata mashine iwe na nguvu kiasi gani. Maji yakishuka chini ya kina hicho mkulima hana budi kuchimba zaidi na kununua pampu ya kuzamishwa, ambayo bei yake ni kubwa sana kwa mwenye shamba dogo. Jirani mwenye mtaji anachimba, maji yanashuka tena, na asiye na mtaji anaanza kununua maji au anakodisha shamba lake. Hapa suala la mazingira limegeuka kuwa suala la usawa mbele ya macho ya msomaji, na ndiyo sababu nilikushauri uchague maji.

Maliza hatua hii kwa dawa iliyojaribiwa. Mwaka 2009 jimbo lilipitisha sheria ya kuhifadhi maji ya ardhini, ikikataza kupandikiza mpunga kabla ya tarehe 10 Juni, ili miche isiingie shambani wakati wa joto kali ambapo maji mengi hupotea kama mvuke. Kupandikiza kulipochelewa, mavuno nayo yakasogea kuelekea mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba, na ngano inatakiwa iwe imepandwa karibu na katikati ya Novemba. Mkulima akabaki na wiki mbili au tatu, na shamba limejaa mabua yaliyoachwa na mashine ya kuvunia. Njia ya haraka na rahisi kuliko zote ni moto. Uchomaji ulikuwapo kabla ya sheria, lakini sasa ukabanwa kwenye siku chache, na wakati huo upepo umetulia, hivyo moshi unaganda juu ya Delhi. Sheria ilijaribu kuponya maji bila kugusa kinachomfanya mkulima achague mpunga.

Hatua ya 6: Igawe hoja ya usawa

"Matajiri walifaidika, maskini wakaumia" ni sentensi pana mno. Igawe mara tatu.

Kwanza, wakulima wakubwa na wadogo wa eneo moja. Francine Frankel, aliyechunguza wilaya tano za India ikiwemo Ludhiana mwishoni mwa miaka ya 1960, aliona faida zikienda zaidi kwa wenye mashamba makubwa, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na fedha za visima na uwezo wa kukopa. Lakini huo ulikuwa mwanzo. Peter Hazell na C. Ramasamy walilinganisha hali ya North Arcot, jimbo la Tamil Nadu, katika miaka ya 1970 na ya 1980, wakakuta wakulima wadogo nao wamezichukua mbegu na kipato chao, pamoja na cha vibarua wasio na ardhi, kimepanda vizuri. Tafiti hizi mbili hazigombani. Moja ilipima miaka ya mwanzo, nyingine ilipima baada ya wengi kufikiwa. Mbegu inagawanyika: mwenye nusu ekari ananunua kilo chache. Kisima hakigawanyiki. Kwa hiyo swali bora la kuuliza kuhusu mahali popote ni nani alikuwa na maji.

Pili, mkoa kwa mkoa. Bihar na Odisha, na maeneo makavu ya mtama na uwele, yaliachwa nyuma kwa muda mrefu, na vibarua wa Bihar wakawa wanasafiri kila mwaka kwenda kupandikiza na kuvuna Punjab. Safari hiyo ni ushahidi wa pande mbili: iliwapa watu maskini ujira, na ilionyesha ni wapi fedha ziliwekwa na wapi hazikuwekwa.

Tatu, mlaji. Maskini wengi hununua chakula, na nafaka ikishuka bei wao ndio wanaopata nafuu kubwa zaidi. Hoja hii hukosekana katika insha nyingi za ukosoaji. Ila iambatanishe na mbili nyingine. Mwaka 2002 maghala ya serikali ya India yalikuwa na zaidi ya tani milioni 60 za nafaka, na katika miaka hiyohiyo karibu nusu ya watoto wadogo wa nchi hiyo walikuwa na uzito pungufu. Mwanauchumi Amartya Sen alikuwa amekwisha kueleza kwamba mtu hufa njaa kwa kukosa uwezo wa kukipata chakula, hata kama kipo. Na mlo wenyewe ulibadilika: mikunde iliyopatikana kwa kila mtu ilishuka kutoka takriban gramu 69 kwa siku mwaka 1961 hadi 42 mwaka 1991, ngano na mchele vikiwa vimetwaa mashamba bora huku idadi ya watu ikikua. Hili ndilo jibu la swali la Hatua ya 3. Wakulima wa mbaazi wa Lindi na Mtwara wanaujua upande wa pili wa habari hii, kwani India imekuwa mnunuzi wao mkuu, na ilipoweka kikomo cha uagizaji mwaka 2017 bei iliporomoka huku kwetu.

Utakutana pia na Vandana Shiva, mwanaharakati wa mazingira wa India, anayeyaona mapinduzi yenyewe kuwa chanzo cha vurugu za Punjab za miaka ya 1980. Mtumie kama sauti kali ya upande mmoja, ukionyesha kwamba siasa za jimbo lile zilikuwa na sababu nyingine pia. Vivyo hivyo kwa habari za saratani na dawa za pamba kusini mwa Punjab: andika kwamba wasiwasi upo na matumizi ya sumu yalikuwa makubwa, lakini usidai kwamba uhusiano umethibitishwa.

Hatua ya 7: Ukiulizwa kuhusu Afrika

Usianze kwa kusema mapinduzi yalitupita. Kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mahindi chotara H611 mwaka 1964, kwa kukutanisha mahindi ya Kitale na ya Ekuado, na wakulima wadogo wa nyanda za juu za Kenya waliyapokea kwa kasi. Tofauti iko kwenye vile vitu vitatu vingine vya kifurushi. Karibu mashamba yote ya Punjab yana umwagiliaji, ilhali kusini mwa Sahara ni asilimia chache tu. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja kupandisha mbolea kutoka wastani wa kilo 8 za virutubisho kwa hekta hadi kilo 50 ifikapo 2015, na lengo hilo halikufikiwa. Mwaka huohuo wa 2006 likaanzishwa AGRA, shirika la kuendeleza mapinduzi ya kijani Afrika, makao makuu Nairobi. Swali la kuliuliza katika insha ni la Punjab: mkulima anayetegemea mvua akikopa mbolea na mvua isinyeshe, hasara inamwangukia nani?

Hatua ya 8: Andika aya inayobeba pande zote mbili

Usitenge sura ya faida na sura ya hasara. Panga aya kwa vitu vya kifurushi: mbegu na mbolea, maji, bei, kisha watu. Kila aya ianze na kilichopatikana na iende hadi kwenye gharama yake kwa sababu iliyo wazi. Mfano wa aya ya bei unaweza kuwa hivi:

"Bei iliyodhaminiwa na serikali kuanzia 1965 ilimwondolea mkulima wa Punjab hofu ya kukopa, na bila hiyo mbegu fupi zisingeenea upesi hivyo. Lakini kwa kuwa ununuzi wa uhakika ulihusu ngano na mchele, mazao mengine hayakuweza kushindana. Eneo la mpunga likakua zaidi ya mara kumi kati ya 1960 na 2000, na maji ya ardhini yakalipa. Wakulima walipoandamana mwaka 2020 na 2021 hadi sheria tatu za soko zikafutwa, walikuwa wakiitetea bei hiyohiyo, kwa sababu hawakuwa wameonyeshwa zao jingine lenye soko la kuaminika."

Ukimaliza rasimu, isome ukitafuta aina tatu za sentensi. Ya kwanza ni yenye tarakimu bila mwaka wala mahali. Ya pili ni inayosema "mapinduzi ya kijani yalisababisha" mahali ambapo mhusika halisi ni bei, umeme au umiliki wa ardhi, na hiyo ibadilishe mhusika. Ya tatu ni inayotumia neno "wakulima" bila kusema wepi. Katika insha ya maneno 1,500 utazikuta nyingi, na kuzirekebisha ndiyo kazi kubwa iliyobaki.